Kibali cha paini ya shambani kwako: kutoka kisiki cha Masindi hadi stoo ya Ndeeba

*Mzee, shikamoo. Tuna ekari moja ya paini hapa Masindi, alipanda marehemu baba, sasa zina miaka 18. Mnunuzi wa Ndeeba, Kampala, anazitaka zote. Anasema nisihangaike na ofisi, nimpe picha ya kitambulisho na sahihi yangu, karatasi atazitafuta mwenyewe. Wengine wananiambia mti uliopandwa nyumbani hauhitaji kibali. Nianzie wapi, niandike nini, na lori likisimamishwa njiani itakuwaje? Shambani pia kuna mvule mmoja mkubwa ulioota wenyewe, naye anautaka.*

Marahaba. Sahihi usimpe. Kibali cha mbao kinatamka jambo moja tu: kwamba mbao hizi, za idadi hii na vipimo hivi, zimetoka kwenye shamba hili la mtu huyu. Ukimpa mnunuzi sahihi akajaze hesabu mwenyewe, umempa jina la shamba lako alivalishe mbao zozote atakazopata popote. Zikija kugundulika ni za wizi, kisiki kitakachotafutwa ni chako, na jina litakaloitwa polisi ni lako. Mnunuzi anaweza kukulipia nauli, anaweza hata kukulipia ada mkikubaliana, ila mwombaji wa kibali awe mwenye shamba.

Wanaokuambia mti wa kupanda hauhitaji kibali wameshika nusu ya sheria. Sheria ya Taifa ya Misitu na Upandaji Miti ya Uganda ya mwaka 2003 inasema kweli kwamba mazao ya msitu wa mtu binafsi ni mali yake na anaweza kuyatumia apendavyo. Lakini sentensi hiyohiyo inaendelea kusema uvunaji ufuate mpango wa usimamizi wa msitu pamoja na kanuni zilizotungwa chini ya sheria, na kanuni hizo zilitoka mwaka 2016. Ukikata paini mbili ukaezekea jiko lako, hakuna atakayekufuata. Mbao zikishapanda lori kwenda sokoni, huna njia nyingine ya kuonyesha zilikotoka isipokuwa karatasi.

Na kwa njia yako wewe, swali la zilikotoka si la kinadharia. Lori la Masindi kwenda Kampala hushika barabara kuu ya Gulu pale Kafu, kisha hupita Nakasongola, ambako kuna msitu wa hifadhi wa Katugo wenye mashamba ya paini ya serikali. Mbao ya paini yako na ya Katugo haziwezi kutofautishwa kwa macho. Anayesimamisha lori hapo ana haki ya kushuku, na ubishi wa mdomo haumsaidii yeye wala wewe.

Ofisi ya kwenda ni ya ofisa wa misitu wa wilaya, makao makuu ya wilaya Masindi. Watu wengi huanza kwa Mamlaka ya Taifa ya Misitu, NFA, wanapoteza siku. NFA inasimamia misitu ya hifadhi ya serikali kuu, kama Budongo hapo jirani zenu. Miti iliyo kwenye ardhi ya mtu binafsi iko chini ya huduma za misitu za wilaya. NFA itaingia kwako kwa sababu moja tu, kama shamba linapakana na hifadhi. Hapo ofisa wa wilaya atataka mpaka uthibitishwe na watu wa NFA kabla msumeno haujalia, na wewe utake hivyo pia, kwa sababu safu moja ya miti iliyovuka jiwe la mpaka inatosha kuharibu mzigo wote.

Kabla ya barua, panga umiliki. Wewe umesema "tuna", na aliyepanda ni marehemu. Ofisa hawezi kuandika kibali kwa jina lako peke yako huku ndugu zako wako hai na hawajasema neno. Kama familia ilishachukua barua za usimamizi wa mirathi mahakamani, msimamizi aliyetajwa ndiye anayeomba, na nakala inaambatanishwa. Kama hamjachukua, fanyeni kikao cha familia, muandike muhtasari unaotaja miti inayouzwa, nani anaomba kwa niaba ya wote na pesa zitagawanywaje, kila mrithi mtu mzima atie sahihi, mama yenu akiwepo naye atie, kisha mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji chenu, agonge mhuri. Ofisi nyingi hukubali muhtasari wa namna hiyo kwa miti michache ambayo haina mgogoro. Lakini ujue kikomo chake: ndugu mmoja akienda kulalamika, muhtasari hauna nguvu ya barua za mahakama, na ofisa atasimamisha kila kitu hadi muelewane.

Karatasi ya ardhi yenyewe inategemea aina ya umiliki. Mwenye hati ataleta nakala ya hati. Kwa ardhi ya kimila, kama zilivyo nyingi huko kwenu, cheti cha umiliki wa kimila kikiwepo ni vizuri. Kisipokuwepo, barua ya LC1 yenye majina ya majirani wa pande zote nne na sahihi zao ndiyo inayotumika. Hao majirani wana kazi yao. Wao ndio wa kwanza kuulizwa ofisa akija, na jirani ambaye hakuhusishwa huwa mkali kuliko sheria.

Sasa tuje kwenye hesabu, na hapa nitakaa, kwa sababu ndipo vibali vingi vinapoharibikia. Waombaji huandika "paini ekari moja" au "miti kama mia hivi". Ofisa akipewa barua hiyo atakadiria mwenyewe, au ataacha mnunuzi akadirie. Ingia shambani ukiwa na futi ya fundi cherehani, chokaa na daftari. Pima mzunguko wa kila shina kwenye kimo cha mita 1.3 kutoka ardhini, upande wa juu kama pana mteremko, upake chokaa mti uliokwisha kupimwa ili usihesabiwe mara mbili. Kwa ekari moja, kazi hiyo ni ya siku moja kwa watu wawili.

Tuseme umekuta miti 120, ambayo ni idadi ya kawaida kwa ekari iliyopunguzwa vizuri. Ukiipanga kwa makundi, 40 ina mzunguko wa karibu sentimita 80, 50 ina karibu 94, na 30 ina karibu 110. Kimo cha shina hadi kilele tuseme ni mita 20. Mjazo wa mti mmoja unaupata hivi, vipimo vyote vikiwa kwa mita:

```
mjazo = (mzunguko x mzunguko / 12.57) x kimo x 0.45
```

Ile 0.45 inarekebisha kwa sababu shina la paini huchongoka kwenda juu, si bomba. Mti wa sentimita 80 unatoa mita za ujazo 0.46, wa 94 unatoa 0.63, wa 110 unatoa 0.87. Zidisha kwa idadi, ujumlishe makundi yote matatu: unapata kama mita za ujazo 76 za miti iliyosimama. Ofisa atakuwa na chombo cha kupimia kimo na pengine kigezo tofauti kidogo na 0.45, kwa hiyo hesabu yake ikitoka 70 au 80 msigombane. Ikitoka 40 au 130, mwombe mpime pamoja miti kumi.

Lakini lori halibebi miti iliyosimama. Ukitoa ncha nyembamba na vipande vilivyopinda, magogo ya kupasua ni kama asilimia 80, yaani mita za ujazo 61. Kiasi cha mbao kitakachotoka humo kinategemea mashine. Mashine ndogo ya kupasulia inayoletwa shambani, yenye blade nyembamba na fundi anayejua kazi, hutoa karibu asilimia 40 ya gogo, kwa hiyo kama mita 24. Pawa ya mkononi, yaani msumeno wa mnyororo, ikipasua bila reli ya kuiongoza, inageuza sehemu kubwa ya gogo kuwa vumbi na mbao zisizo sawa. Hapo tegemea asilimia 25 hadi 30, mita 15 hadi 18.

Ona sasa mchezo ulipo. Kibali kikiandikwa mita 24 na mnunuzi akaleta pawa, shamba lako litatoa 16. Karatasi bado ina nafasi ya mita 8 ambazo hazipo. Nafasi hiyo ina bei. Kuna watu kazi yao ni kuijaza kwa mbao zilizotoka usiku kwenye hifadhi, zikapanda lori moja na zako, chini ya jina lako. Kosa la upande wa pili lipo pia: ukiandika kidogo ili ada ipungue, mbao zitakazozidi hazitagongwa nyundo ya alama ya ofisa wa misitu, na huwezi kuzihalalisha baadaye kwa maneno. Kwa hiyo barua itaje miti kwa idadi na mjazo, na itaje pia mashine. Idadi ya vipande vya mbao iachwe hadi vipasuliwe na kuhesabiwa.

Barua yenyewe isizidi ukurasa mmoja. Kitu kama hiki kinatosha:

> Kwa Ofisa wa Misitu wa Wilaya, Masindi.
> Kupitia: Mwenyekiti wa LC1, kijiji cha …, Ofisi ya gombolola ya …
>
> YAH: OMBI LA KIBALI CHA KUVUNA PAINI YA KUPANDWA KWENYE ARDHI BINAFSI
>
> Mimi …, mwenye kitambulisho cha taifa namba …, naomba kwa niaba ya familia ya marehemu … kuvuna paini 120 zenye umri wa miaka 18 kwenye shamba letu la ekari 1, muluka wa …. Mjazo tuliokadiria ni mita za ujazo 76 za miti iliyosimama. Miti itapasuliwa hapohapo shambani kwa mashine ya …, kati ya tarehe … na …. Mnunuzi ni …, na mbao zinakwenda Ndeeba, Kampala. Baada ya kuvuna tutapanda tena … katika msimu wa mvua wa ….
>
> Nimeambatanisha: muhtasari wa kikao cha familia, uthibitisho wa ardhi na majirani, mchoro wa shamba, orodha ya miti kwa makundi ya mzunguko, na nakala ya kitambulisho.

Kwa kuwa ofisi za wilaya huandika faili kwa Kiingereza, weka tafsiri yake nyuma. Mchoro uchore kwa mkono: mpaka, majirani, njia ya lori, na kijito kama kipo. Kijito ukikichora usione haya kuonyesha miti iliyo karibu nacho. Kanuni za mazingira zinalinda ukanda wa mita 30 kutoka ukingo wa mito midogo, na mita 100 kwa mito mikubwa iliyotajwa kwenye kanuni. Miti ya humo itenganishe kwenye orodha, ofisa aamue. Ukiichanganya na mingine akaigundua mwenyewe siku ya ukaguzi, ataanza kutilia shaka orodha nzima.

Peleka nakala mbili, moja igongwe mhuri wa "imepokelewa" na tarehe, ubaki nayo. Bila mhuri huo hukuwahi kuomba. Ofisi ikikaa kimya, nakala hiyo ndiyo unayoipeleka kwa ofisa mkuu tawala wa wilaya, na ikishindikana hapo, kwa idara ya misitu ya Wizara ya Maji na Mazingira, Luzira. Mara nyingi ukimya si hila. Ofisa mmoja anahudumia wilaya nzima na pikipiki haina mafuta. Ukikubaliana naye siku ya kuja, uwe shambani wewe mwenyewe na mwenyekiti wa LC1. Atapitia mpaka, atapima sampuli ya miti, atauliza majirani, na ataangalia kama kuna miti isiyotajwa kwenye barua.

Kuhusu ada nitakuambia namna ya kuuliza kuliko kiasi, kwa sababu kila halmashauri ya wilaya hupanga viwango vyake. Omba uandikiwe kila malipo kwa jina lake: la ukaguzi, la kibali cha kuvuna, la kusafirisha, la gombolola la kupakia. Mti wa hifadhi unanunuliwa kutoka serikalini. Mti uliopanda mwenyewe hununui. Kwa hiyo ukiona malipo yanayofanana na bei ya mti, uliza yametoka kwenye kiwango gani kilichopitishwa na halmashauri. Lipa kwa namba ya malipo, benki au kwa simu, upate risiti yenye namba hiyo. Pesa iliyotoka mkononi kuingia mkononi haina mahali pa kuonekana lori likiwa Luweero.

Kibali cha kuvuna kikitoka, kisome pale pale mezani: jina, kijiji, aina ya mti, idadi, mjazo, tarehe ya kwisha. Kosa la herufi likirekebishwa siku hiyo ni la dakika moja. Likigunduliwa barabarani linaitwa kughushi. Kibali hiki kinakuruhusu kukata na kupasua, basi. Watu wengi hudhani kinasafirisha pia.

Wakati wa kukata, acha visiki vionekane. Usivichome, usivifukie, hadi mbao zihakikiwe, kwa sababu ofisa akirudi atahesabu visiki 120 kwanza kabla ya kuhesabu mbao. Wakishapasua, panga mbao kwa vipimo, kila kipimo rundo lake, ncha zote zikitazama upande mmoja. Weka vijiti kati ya safu na safu hewa ipite. Paini mbichi iliyobanana hugeuka rangi ya bluu kwa kuvu ndani ya wiki chache, na mnunuzi yuleyule aliyekuharakisha ataitumia bluu hiyo kushusha bei.

Kisha mwite ofisa ahesabu na kugonga nyundo. Nyundo ya misitu ina alama ya chuma inayozama kwenye ncha ya mbao, na anayekagua njiani huitafuta hapo kabla hajafungua karatasi. Ndiyo maana ncha zinatakiwa kutazama upande mmoja, na ndiyo maana mbao ikishagongwa haikatwi ncha tena. Mafundi wengine husawazisha ncha ili mzigo upendeze. Wanakata ushahidi na kuuacha shambani. Kama mbao ni ndefu kwa lori, zikatwe kabla ya nyundo.

Kwa mfano wetu, ukaguzi umekuta vipande 400 vya inchi 6 kwa 2 na vipande 500 vya 4 kwa 2, vyote futi 14. Kipande kimoja cha 6 kwa 2 cha futi 14 ni mita za ujazo 0.033, cha 4 kwa 2 ni 0.022. Jumla ni 13.2 na 11.0, yaani 24.2. Inalingana na kile ulichokadiria kwa mashine ya asilimia 40, na ofisa ataona hesabu yako na yake zinakutana. Kama yangepatikana mita 16 tu, ungeandika hivyo hivyo 16, na ungeomba ofisa aandike kwenye faili kwamba shamba limekwisha, hakuna salio.

Hapo ndipo unaomba kibali cha kusafirisha, mbao zikiwa zimehesabiwa, zimegongwa na lori linajulikana. Usikiombe mapema. Kina tarehe ya kwisha, na huwa fupi, kwa sababu kinahusu gari moja, safari moja, mzigo mmoja. Kinataja namba ya gari, dereva, mahali pa kutoka na pa kufika, aina ya mti, vipande kwa vipimo. Mita 24 za paini ambayo haijakauka vizuri zinaweza kufika tani 19, na lori la ekseli mbili kwenye mizani ya barabarani linaruhusiwa tani 18 pamoja na uzito wa gari lenyewe. Fuso moja haliwezi. Kwa hiyo ni safari mbili, kila moja vipande 200 vya 6 kwa 2 na 250 vya 4 kwa 2, na vibali viwili. Nakala ya kibali cha lori la kwanza haipandi lori la pili, hata kama dereva ni yuleyule na ni jioni ileile. Mabanzi na kuni zilizobaki nazo ni mazao ya msitu. Kama kuna anayezinunua, zitajwe kwenye kibali chake, zisirushwe juu ya mbao kama zawadi kwa dereva.

Pakieni mchana, mkihesabu wewe, dereva na mtu wa mnunuzi, kila mmoja akiandika. Ondokeni asubuhi. Mkaguzi akitaka kuthibitisha kibali anampigia ofisa aliyekitoa, na saa nne za asubuhi simu inapokelewa. Saa tano za usiku lori linalala barabarani. Kibali kikitaja saa za kusafiri, zifuatwe. Dereva abebe kibali halisi cha kusafirisha, risiti, nakala ya kibali cha kuvuna na nakala ya hati ya mauzo. Leseni ya mnunuzi ya kufanya biashara ya mbao ni ya stoo yake Ndeeba, haichukui nafasi ya yoyote kati ya hizi.

Gari likiharibika Kafu na mzigo ukahamishiwa gari jingine, namba ya gari kwenye kibali tayari haifai. Kishawishi ni kuikata kwa kalamu na kuandika mpya. Usifanye, na mwambie dereva mapema asifanye. Apige simu kwako, wewe umpigie ofisa aliyekitoa, na mabadiliko yaandikwe na ofisi ya misitu, au angalau kituo cha polisi cha karibu kiandike tukio kabla mzigo haujahamishwa. Hivyo hivyo kama tarehe imepita kwa sababu ya matope.

Lori likikamatwa, dereva asibishane na asitoe pesa isiyo na risiti. Aombe hati ya maandishi inayotaja ni nani amekamata, kwa sababu gani, na vipande vingapi vya vipimo gani. Idadi ndiyo ya muhimu. Mzigo ulioshikiliwa bila kuhesabiwa hupungua usiku, na ukirudishiwa vipande 380 badala ya 450 hutakuwa na cha kuonyesha. Wewe nenda siku hiyohiyo kwa ofisa wa wilaya na faili lako, athibitishe kwa maandishi kibali, nyundo na hesabu. Mzigo ambao visiki vyake, nyundo yake na karatasi zake vinataja namba moja hauna sababu ya kushikiliwa muda mrefu.

Kwenye makubaliano na mnunuzi ongeza mistari mitatu. Kwamba mashine itakuwa ile iliyotajwa kwenye barua. Kwamba vibali halisi vinabaki kwako hadi lori lihesabiwe. Na kwamba anakulipa kabla lori halijatoka shambani, kwa kila lori, kwa sababu baada ya Ndeeba kibali kimefanya kazi yake na wewe huna tena kitu mkononi. Yule wako alivyoanza kwa kutaka sahihi tupu, akikataa mstari wa pili mtafute mwingine. Paini ya miaka 18 inaweza kungoja mwaka, inazidi kunenepa.

Mvule uuache nje ya haya yote. Ni mti wa asili, ni miongoni mwa miti inayolindwa zaidi nchini, na umeota wenyewe, kwa hiyo hoja yako ya "baba alipanda" haiufikii. Usiutaje kama nyongeza kwenye ombi la paini na usikubali upasuliwe siku moja na paini "kwa kuwa mashine ipo". Vipande vitano vya mvule vikifunikwa na paini vinatosha kushikisha lori lote pamoja na paini iliyo halali. Ofisa akija kukagua, mwonyeshe mwenyewe, auone umesimama, aandike kwamba haumo kwenye ombi. Mkija kutaka kuuvuna, uombewe kwa barua yake peke yake, na muwe tayari kwa jibu la hapana.